Maswali Matano Kutoka Ramani Tatu: Kutunga Mtihani wa Mipaka ya Afrika Mashariki, 1886 hadi 1924

Mwalimu wa Historia anapopewa jukumu la kutunga sehemu ya ramani katika mtihani wa utamirifu, jambo la kwanza linalomjia ni kutafuta ramani nzuri, kisha kuandika chini yake maswali yale yale ambayo angeyauliza bila ramani. Nimeliona hilo katika rasimu nyingi zilizoletwa kwenye jopo letu la walimu wa somo hilo, na ninaamini ndiyo sababu wanafunzi wetu wamezoea kuitazama ramani ya kihistoria kama pambo la ukurasa. Ramani inayoonyesha mipaka iliyobadilika ina habari ambazo maandishi hayawezi kuzibeba kwa wepesi ule ule, lakini habari hizo hazitoki zenyewe. Huvutwa na swali lililotungwa vizuri. Nitaeleza jinsi nilivyoandaa seti moja ya maswali matano kuhusu mipaka ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na yale niliyojifunza kwa kusoma majibu ya watahiniwa waliofanya jaribio la seti hiyo.

Kabla ya kuandika swali lolote nilijiwekea kipimo kimoja, ambacho baadaye jopo lilikubali kukitumia kwa kila rasimu. Swali husomwa mara mbili: mara ya kwanza ramani ikiwa imefunikwa kwa karatasi, na mara ya pili maandishi yote ya ziada yakiwa yamefunikwa, ramani ikiachwa peke yake. Mwanafunzi aliyekariri vizuri akiweza kulijibu huku ramani imefunikwa, swali hilo ni la kumbukumbu tu, na ramani haina kazi. Kwa upande mwingine, mtu ambaye hajawahi kusoma Historia akiweza kulijibu kwa kuitazama ramani pekee, swali hilo ni la usomaji wa ramani, na linafaa kupewa alama moja ya kuanzia, si zaidi. Maswali yenye thamani ni yale yasiyoweza kujibiwa katika hali yoyote kati ya hizo mbili, kwa sababu yanahitaji ramani na maarifa vikutane.

Chukua mfano wa swali hili lililokuwa katika rasimu ya mwenzetu mmoja: "Mkataba wa Heligoland ulitiwa saini mwaka gani?" Juu yake palikuwa na ramani nzuri sana yenye mwaka 1890 katika kichwa chake. Aliyekariri anajibu bila kutazama, na asiyejua anaunakili mwaka huo kutoka kwenye kichwa cha ramani. Wote wawili wanapata alama sawa, na msahihishaji hana njia ya kuwatofautisha. Swali hilo liliondolewa, lakini ramani yake ikabaki kwa sababu ilikuwa na mengi ya kuulizwa.

Nilichora upya ramani tatu zenye umbo moja na skeli moja, kila moja ikiwa na mwaka wake. Ramani A ilionyesha hali baada ya makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwishoni mwa 1886. Ramani B ilionyesha hali baada ya mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao kwa huo Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, ikaachia Witu, eneo la pwani karibu na Lamu, na ikakubali Zanzibar na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Ramani C ilionyesha mwaka 1924, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Uingereza na Ruanda-Urundi chini ya udhamini wa Ubelgiji. Kulikuwa na pendekezo la kuweka mistari yote katika ramani moja yenye rangi tofauti, kama tunavyoiona katika vitabu vingi vya kiada. Nililikataa kwa sababu mbili. Kwanza, ramani moja yenye mistari ya miaka mingi humfanya mwanafunzi aone mipaka yote kana kwamba ilikuwapo kwa wakati mmoja. Pili, mtihani hurudufiwa kwa wino mweusi, na rangi tatu zinapopita katika mashine zinageuka kuwa kijivu cha aina moja.

Suala la wino lilinifundisha zaidi ya nilivyotarajia. Tuliacha rangi kabisa tukatumia michoro ya kujazia: mistari ya mshazari kwa eneo la Wajerumani, nukta kwa eneo la Waingereza, na nafasi nyeupe yenye mstari mnene ukingoni kwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Kila rasimu ya ramani ilirudufiwa, kisha nakala yake ikarudufiwa tena, na hiyo nakala ya pili ndiyo tuliyoitumia kuamua kama ramani inasomeka, kwa kuwa ndiyo inayofanana na ile itakayomfikia mwanafunzi wa shule ya pembezoni. Nukta zilizokuwa ndogo mno zilitoweka katika nakala ya pili. Herufi zilizoandikwa juu ya mistari ya mshazari hazikusomeka mpaka tulipoweka kibandiko cheupe nyuma yake.

Skeli nayo ilikuwa na somo lake. Ukitumia skeli ya 1:10,000,000, sentimita 1 ni kilomita 100, na nchi yote kuanzia Lamu hadi mto Ruvuma inaingia katika urefu wa takribani sentimita 10, kwa hiyo ramani mbili zinakaa ukurasa mmoja wa A4 na ya tatu ukurasa unaotazamana nao. Lakini makubaliano ya 1886 yalimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, yaani kilomita 16 hivi, na kwa skeli hiyo ukanda huo ni milimita 1.6 tu. Mchoraji yeyote ataunenepesha ili uonekane. Akiunenepesha hadi milimita 4, amempa Sultani kilomita 40. Hakuna ubaya katika kufanya hivyo, mradi ufunguo useme kwamba ukanda haukuchorwa kwa skeli, na mradi mtungaji asiulize kamwe swali la kupima upana wake. Katika rasimu moja swali hilo lilikuwapo, likimtaka mtahiniwa atumie rula na skeli, na jibu lililowekwa katika mwongozo wa usahihishaji lilikuwa "maili 10", jambo ambalo rula ya mtahiniwa mwaminifu isingeweza kulithibitisha.

Majina yaliyoandikwa ndani ya ramani yanahitaji uangalifu wa aina yake. Ramani nyingi za vitabu hutumia msingi wa ramani ya leo, hivyo utakuta neno "Tanganyika" limeandikwa bara katika ramani ya 1890, ilhali jina hilo kwa nchi lilianza kutumika rasmi mwaka 1920 baada ya Wajerumani kuondoka. Hata koloni la Kenya liliitwa hivyo mwaka 1920. Kabla ya hapo lilikuwa Himaya ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi mwangalifu anayekuta "Kenya" katika ramani ya 1886 ana haki ya kuchanganyikiwa. Katika Ramani A niliandika "Eneo la ushawishi la Uingereza" na "Eneo la ushawishi la Ujerumani", maneno yanayobeba ukweli wa wakati ule, kwa sababu mstari wa 1886 haukuwa ukingo wa nchi mbili zinazotawaliwa. Ulikuwa ahadi ya serikali mbili za Ulaya kwamba kila moja haitaingilia upande wa mwenzake. Kwa hiyo niliuchora kwa vistari vilivyokatika. Upande wa magharibi katika Ramani B, kati ya eneo la Wajerumani na Dola Huru ya Kongo, niliuchora vivyo hivyo, kwani sehemu za Kivu ziligombaniwa mpaka makubaliano ya 1910. Ramani inayoonyesha mstari mzito ulionyooka kupita ziwa Kivu mwaka 1890 inamfundisha mwanafunzi jambo ambalo halikuwapo.

Swali la kwanza lilikuwa la alama moja: "Katika Ramani A, mpaka kati ya maeneo mawili ya ushawishi unaishia wapi upande wa magharibi?" Jibu ni ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Ni swali jepesi kwa makusudi. Linamlazimisha mtahiniwa aushike mstari kwa kidole kuanzia mdomo wa mto Umba mpaka ziwani, na anapofika hapo anagundua mwenyewe kwamba ng'ambo ya ziwa hakuna kitu. Ugunduzi huo ndio anaouhitaji katika swali la pili.

Swali la pili, la alama mbili, lilimtaka alinganishe Ramani A na B na kutaja maeneo mawili ambayo hali yake ilibadilika. Majibu yanayokubalika yalikuwa mengi: nchi za magharibi ya ziwa, ambazo katika Ramani B mstari umevuka maji kwa latitudo ile ile na kuziacha za kaskazini, Buganda ikiwamo, upande wa Waingereza; Witu, iliyotoka mikononi mwa Wajerumani; Zanzibar na Pemba; Mafia, iliyokwenda kwa Wajerumani; na ukanda wa pwani kuanzia Umba hadi Ruvuma, ambao Sultani aliuachia Ujerumani kwa malipo ya mark milioni 4. Nilidhani hili lingekuwa swali rahisi. Hata hivyo, katika jaribio watahiniwa wengi waliandika "Kilimanjaro", ingawa mstari wa Kilimanjaro haukubadilika hata kidogo kati ya ramani hizo mbili. Nilipozungumza na baadhi yao darasani walieleza kwamba kona ile kubwa ya mpaka ndiyo iliyowavutia macho, na kitu kinachoonekana cha ajabu kikadhaniwa kuwa ndicho kilichobadilika. Hatukulibadilisha swali lenyewe. Tuliongeza sentensi moja ya maelekezo juu ya ramani: "Eneo limebadilika ikiwa ujazio wake katika ramani moja ni tofauti na katika ramani nyingine." Kundi lililofuata lilipofanya jaribio, kosa hilo lilipungua sana, na waliobaki nalo walikuwa wale ambao majibu yao mengine pia yalionyesha kwamba hawakuusoma ufunguo.

Swali la tatu lilihusu kona hiyo hiyo ya Kilimanjaro, na ndilo nililolishughulikia kwa muda mrefu kuliko mengine yote.

Kila mwanafunzi wa Kitanzania, na wengi wa Kenya, wameisikia hadithi kwamba Malkia Viktoria alimzawadia mlima Kilimanjaro mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Pili, siku ya kuzaliwa kwake, na kwamba ndiyo sababu mpaka umepinda. Ramani inaonyesha upindaji huo waziwazi. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu ramani huonyesha umbo la mpaka, haionyeshi sababu yake, na mtungaji akiuliza tu "Kwa nini mpaka umepinda karibu na Kilimanjaro?" mwanafunzi ataleta hadithi aliyonayo kichwani na kudai ramani inamuunga mkono. Swali hilo linashindwa kipimo cha kufunika ramani, maana jibu lake, liwe la kweli au la uongo, halitoki katika ramani.

Niliongeza chanzo kifupi cha maandishi chini ya Ramani A. Kilikuwa muhtasari wa kifungu cha makubaliano ya 1886 kwa Kiswahili, ukisema kwamba mstari unaanza kwenye mdomo wa mto Umba, unakwenda moja kwa moja mpaka ziwa Jipe, unalizunguka kwa upande wa mashariki na kaskazini, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, unafuata chini ya milima ya Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha unanyooka mpaka Ziwa Viktoria. Chini yake niliweka taarifa tatu: kwamba Mwingereza Harry Johnston alifanya mikataba huko Taveta mwaka 1884, kwamba Mjerumani Karl Jühlke alifanya mikataba na watawala wa Uchagani mwaka 1885, na kwamba Wilhelm wa Pili alianza kutawala mwaka 1888. Kisha swali, la alama tatu: "Watu husimulia kwamba Malkia Viktoria alimzawadia Kaisari Wilhelm wa Pili mlima Kilimanjaro. Ukitumia Ramani A na maandishi yaliyo chini yake, eleza kama ushahidi huu unaiunga mkono hadithi hiyo."

Kutunga mwongozo wa usahihishaji kulichukua muda mrefu kuliko kutunga swali. Mwenzangu mmoja aliona kwamba tarehe peke yake inatosha: Ramani A ni ya 1886, Kaisari wa wakati huo alikuwa Wilhelm wa Kwanza, basi hadithi imekwisha. Nilimjibu hivi: "Mwalimu, mtoto mwerevu atasema Wilhelm wa Pili alikuwa mjukuu hata kabla hajawa Kaisari, na bibi anaweza kumpa mjukuu zawadi." Ni kweli. Tarehe inaidhoofisha hadithi kama inavyosimuliwa, lakini haiifuti. Kinachoibomoa zaidi ni kwamba mpaka unapita kati ya mahali ambapo kila upande ulikuwa na mikataba yake: Taveta ikabaki kwa Waingereza na Uchagani kwa Wajerumani, kwa hiyo kona ya mpaka ina maelezo yasiyohitaji zawadi yoyote. Tulikubaliana kwamba alama moja ni kwa kuitumia tarehe ipasavyo, alama ya pili ni kwa kuonyesha kwenye ramani kwamba mstari umeziweka Taveta na Uchagani pande mbili, na alama ya tatu ni kwa kuunganisha hilo na mikataba ya Johnston na Jühlke. Mtahiniwa aliyesema tu kwamba hadithi ni ya uongo bila kugusa ushahidi hapati kitu, hata kama hitimisho lake ni sahihi. Kipengele hiki kilizua mjadala mkali, kwa kuwa baadhi ya walimu waliona ni ukatili kumnyima alama mtoto aliyesema kweli. Nilishikilia, na bado ninashikilia, kwamba swali linauliza ushahidi unasema nini, na asiyeutaja hajalijibu.

Jambo moja zaidi kuhusu swali hili: halitegemei swali la pili. Aliyekosea kwa kusema Kilimanjaro ilibadilika kati ya 1886 na 1890 anaweza kupata alama zote tatu hapa. Katika seti za maswali yanayotokana na ramani moja, kosa la kawaida la watungaji ni kuyafunga maswali kama mnyororo, jibu la (b) likawa msingi wa (c) na la (c) msingi wa (d), hivyo mtahiniwa aliyekosea ufunguo mara moja anaadhibiwa mara tatu. Njia ya kulitambua ni kumpa mwalimu mwenzako maswali hayo kwa kuyapangua: aanze na la mwisho. Akikwama kwa kukosa jibu la swali lililotangulia, mnyororo upo.

Swali la nne lilikuwa la alama mbili na lilihusu Karl Peters, ambaye mwanzoni mwa 1890 alikuwa amefanya mkataba na Kabaka Mwanga wa Buganda. Mtahiniwa aliambiwa habari hiyo katika shina la swali, kisha akatakiwa kutumia Ramani B kueleza kwa nini mkataba huo haukuipa Ujerumani Buganda. Jibu ni fupi: miezi michache baadaye mstari wa digrii 1 kusini ulivushwa hadi ng'ambo ya ziwa, Buganda ipo kaskazini yake, na makubaliano ya serikali yakaushinda mkataba wa mtu mmoja. Sikupata shida nalo, na wanafunzi walilijibu vizuri.

La tano ndilo lililonifurahisha, na lilitokana na pingamizi. Mwalimu kutoka kusini, anayeifahamu vizuri Mtwara, aliuliza kwa nini Pembetatu ya Kionga haimo katika seti yetu. Kionga ni eneo dogo kusini ya mdomo wa mto Ruvuma. Wajerumani walilichukua mwaka 1894, Wareno wakaliteka mwaka 1916 wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na baada ya vita likathibitishwa kuwa lao, hivyo leo limo ndani ya Msumbiji. Alitaka swali la kulinganisha Ramani B na C kuhusu mpaka wa kusini. Nilizitandaza ramani mbili mezani, tukaona sote kwamba haliwezekani. Katika Ramani B ya 1890 mpaka unafuata Ruvuma, na katika Ramani C ya 1924 mpaka unafuata Ruvuma. Kionga iliingia na kutoka katikati ya tarehe zetu mbili bila kuacha alama.

Huo ndio udhaifu mkubwa kabisa wa ramani za mipaka zinazopangwa kwa miaka, na sijaona ukiulizwa mara nyingi katika mitihani yetu. Mwanafunzi akiona mstari ule ule katika miaka miwili, huhitimisha kwamba kati ya miaka hiyo hakuna kilichotokea. Kwa hiyo swali la tano, la alama mbili, likawa hili: "Pembetatu ya Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, ilishikwa na Wajerumani kuanzia 1894 hadi 1916. Eleza kwa nini badiliko hilo halionekani ukilinganisha Ramani B na Ramani C, na utaje mwaka mmoja ambao ramani yake ingelionyesha." Alama ya kwanza ni kwa kueleza kwamba eneo lilichukuliwa baada ya 1890 na kutoka kabla ya 1924. Ya pili ni kwa mwaka wowote ulio kati ya 1894 na 1916. Wengi walitaja 1914, kwa kuwa ndio mwaka wanaoukumbuka, lakini aliyeandika 1900 au 1907 alipata alama yake sawasawa, na mwongozo ulisema hivyo wazi ili wasahihishaji wasianze kulazimisha 1914.

Majibu ya swali hili yaliwatofautisha watahiniwa kuliko lingine lolote. Waliofanya vizuri katika mtihani mzima walilipata, na waliofanya vibaya walilikosa kwa namna inayoeleweka: walieleza vita ya Wareno na Wajerumani kwa urefu, habari ambazo swali halikuziuliza, na hawakusema lolote kuhusu tarehe za ramani. Wapo pia walioandika kwamba Kionga haionekani kwa sababu ni ndogo mno kwa skeli iliyotumika. Hapo ilinibidi kutafakari. Kwa skeli yetu pembetatu hiyo ni milimita chache tu, na mtahiniwa huyo ameisoma ramani kwa makini kuliko wengi. Hata hivyo, udogo hauelezi kwa nini mpaka ni ule ule katika ramani zote mbili, maana hata ramani kubwa mara 10 zaidi za miaka hiyo miwili zisingeionyesha chini ya Wajerumani. Tuliandika katika mwongozo kwamba hoja ya skeli peke yake haipewi alama, lakini ikiandamana na hoja ya tarehe isihesabiwe kuwa kosa.

Kuna eneo jingine la aina hiyo hiyo, Gisaka, mashariki ya Rwanda, ambalo lilikwenda kwa Waingereza katika mgawanyo wa 1919, wakitaka nafasi ya kupitisha reli, na ambalo kurudishwa kwake upande wa Wabelgiji kuliridhiwa na Shirikisho la Mataifa mwaka 1923. Nalo halionekani katika Ramani C. Nililiacha nje ya mtihani kwa sababu lingekuwa swali la pili la kupima ujuzi ule ule, lakini darasani ninalitumia: kwanza ninawapa wanafunzi Ramani B na C, ninawaacha waandike mabadiliko yote wanayoyaona upande wa Rwanda, kisha ninawapa habari ya Gisaka na kuwataka wao wenyewe waseme ramani ya mwaka gani inakosekana.

Mwaka uliofuata walimu wawili wa wilaya inayopakana na Kenya upande wa pwani waliomba kuongeza swali kuhusu Wadigo, ambao wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Umba. Wanafunzi wao wana ndugu Vanga na Lunga Lunga, na walitaka mtihani uliguse hilo. Rasimu yao ilisema: "Kwa kutumia Ramani A, eleza athari za mpaka kwa Wadigo." Hisia iliyo nyuma ya swali hilo ni ya haki kabisa, lakini Ramani A haina Mdigo hata mmoja ndani yake, haina kijiji, lugha, njia ya biashara wala kaburi la mzee. Tulikaa pamoja tukaliandika upya: Ramani A ikabaki, tukaongeza ramani ndogo ya pwani kati ya Tanga na Mombasa yenye ujazio wa mahali wanapoishi Wadigo, na swali likawa mawili. La kwanza lilimtaka mtahiniwa aseme ni jambo gani kuhusu watu wa pwani ambalo Ramani A haiwezi kumweleza. La pili lilimtaka aziweke ramani mbili pamoja na kutaja mahali ambapo mpaka wa 1886 unalikata eneo la Wadigo. Kwa swali la kwanza mwongozo ulikubali jibu lolote la aina hiyo, likiwemo la mtahiniwa mmoja aliyeandika kwamba ramani haimwambii kama watu waliokuwa wakiishi pale waliulizwa.